Nilivyofundisha chanjo kwa moto wa nyasi

Nafundisha Biolojia katika shule ya kata mkoani Tanga. Kitabu ni cha Kiingereza na mtihani ni wa Kiingereza, lakini mada ya kinga ikifika nafunga kitabu na kuongea Kiswahili. Mifano naitoa kwa mdomo tu, bila kuandika ubaoni, kwa sababu wanafunzi wakifuata chaki kwa macho wanaacha kusikiliza na kuanza kunakili.

Miaka ya mwanzo mfano wangu ulikuwa ule wa walimu wengi: chanjo ni askari wanaoulinda mwili. Darasa lilikuwa linaitikia vizuri, nami naondoka nimeridhika. Kisha nikasahihisha majaribio. Zaidi ya nusu waliandika kwamba sindano inaingiza askari mwilini, na mmoja akaongeza kwamba askari hao wakifa inabidi kwenda kuongezewa wengine. Walikuwa wamenielewa vizuri kabisa, kosa lilikuwa langu. Askari wanaoletwa tayari kutoka nje ni habari nyingine, ni kama zile kingamwili anazopata mtoto kwa mama yake, ambazo kweli huisha baada ya miezi kadhaa. Chanjo haileti askari hata mmoja. Askari ni wa kwako mwenyewe, inachofanya chanjo ni kuwafundisha.

Sasa natumia sungusungu. Nawaambia: kijiji kina walinzi wake, vijana wa hapo hapo, ila mwizi mgeni hawamjui. Akiingia usiku, mpaka waulizane huyu ni nani, ameshabeba mbuzi. Sasa mwenyekiti anawaitisha, anawaonyesha koti la mwizi. Koti peke yake haliibi. Lakini wakishalishika na kulikariri, siku mwenye koti akitokea anakamatwa kwenye uzio. Chanjo ya pepopunda ni koti hasa, kwa sababu ni ile sumu ya bakteria iliyoondolewa makali. Ya surua ni tofauti kidogo, ni kirusi hai kilichodhoofishwa, kwa hiyo hapo nasema walinzi wameletewa mwizi mwenyewe, mgonjwa, hana nguvu ya kubeba hata kuku. Ndiyo maana mtoto anaweza kupata joto siku chache baada ya kuchanjwa: walinzi wako mazoezini. Na mazoezi yanataka muda, kama wiki mbili hivi. Aliyechanjwa jana bado hajakingwa leo.

Hapo kinga ya mtu mmoja inaeleweka. Kazi kubwa ni kinga ya jamii, yaani namna wewe uliyechanjwa unavyomlinda asiyechanjwa. Nilianza na nyumba za makuti na za bati: moto unaruka kutoka makuti hadi makuti, ukikuta bati unakwama. Mfano unaeleweka upesi sana, lakini nikaona binti mmoja wa mbele ameinamisha kichwa. Kwao ni makuti. Nilikuwa nimesema, bila kukusudia, kwamba nyumba yao ndiyo inayoleta hatari kijijini. Siku ile ile niliuacha.

Nikahamia kwenye moto wa nyasi, ambao kila mtoto hapa ameuona watu wakisafisha mashamba. Jani kavu linashika, jani bichi halishiki: kavu ni asiye na kinga, bichi ni aliyekingwa. Darasa langu lina wanafunzi 48, safu 8 za watu 6. Aliyesimama ni jani kavu, aliyekaa ni jani bichi. Moto unaanzia kwa mmoja, naye anamgusa aliyesimama mbele, nyuma, kushoto au kulia kwake, na kila anayeguswa anasema kwa sauti "nimeshika" na kuwagusa wenzake.

Mara ya kwanza wote wanasimama. Kelele zinatoka kona ya mlango hadi kona ya dirisha, hakuna anayebaki. Mara ya pili nawakalisha 40, nawaacha 8 wamesimama huku na huko, mbalimbali. Moto unamwanzia mmoja wao, anageuka kulia, kushoto, hakuna wa kumgusa. Kimya. Hapo nawaambia wawatazame wale saba waliosimama: hawakuwa mabichi, lakini wamesalimika.

Mara ya tatu ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Nasema waliosimama ni 8 vilevile, hatuongezi hata mmoja, ila wote waende pamoja kwenye kona ya nyuma. Moto unaanza na wote wanane wanaungua. Mwaka huu mvulana mmoja alisema kabla sijauliza: "Mwalimu, kumbe wilaya inaweza kuwa na wastani mzuri na kijiji kimoja kikaungua." Sina namna bora ya kulisema jambo hilo.

Baada ya hapo nawakumbusha kwamba surua haisubiri jirani wa kuguswa. Inaweza kukaa hewani kwa muda wa hadi saa mbili baada ya mgonjwa kuondoka chumbani. Ni moto wenye upepo. Mahali ambapo hakuna aliyekingwa, mgonjwa mmoja huambukiza watu 12 hadi 18. Tunachukua 15 na kuhesabu pamoja kwa sauti: cheche 15 zimeruka, ili moto usikue ni lazima 14 ziangukie majani mabichi. Hiyo ni kama asilimia 93. Halafu nawapa taarifa moja: dozi ya kwanza, ile ya miezi 9, inawakinga takriban watoto 85 kati ya 100. Wengine wamemwagiliwa maji lakini wamebaki wakavu, na kwa macho huwezi kuwatambua. Nauliza, tukiwachanja watoto wote bila kukosa hata mmoja, kwa dozi moja tu, moto utazimika? Wanahesabu, wanagundua 85 haifiki 93. Sasa wanajua dozi ya miezi 18 inatafuta nini. Wengi hudhani ni ya kukumbushia tu.

Nawaachia swali la kwenda nalo nyumbani: kwenu nani ni jani kavu ambalo haliwezi kuwa bichi hata likitaka? Wanarudi na majibu: mdogo wangu wa miezi 4, kwa sababu umri wa chanjo haujafika. Msichana mmoja alimtaja shangazi yake anayetibiwa saratani, na alikuwa sahihi, maana mtu wa namna hiyo kwa kawaida hapewi chanjo yenye kirusi hai.

Kila mfano una mahali unapogoma, na sasa sisubiri jaribio nione. Nawaomba wautafute wenyewe: moto wa nyasi unadanganya wapi? Wamenipa majibu mengi, lakini moja limebaki kuwa sehemu ya somo. Mwanafunzi wa nyuma aliuliza, kama jirani zake wote wamechanjwa, yeye ana haja gani na sindano ya pepopunda? Darasa likagawanyika. Nikawaacha wabishane dakika tano, kisha nikauliza vijidudu vya pepopunda vinakaa wapi. Wakajibu kwenye udongo, kwenye samadi. Je, mgonjwa wa pepopunda anamwambukiza mwenzake? Hapana. Basi huo si moto unaotoka kwa jirani, ni mwiba ulio njiani. Yule yule aliyeuliza akajibu kabla sijamaliza: "Viatu vya jirani havinisaidii." Kisha akatazama mguu wake, kandambili iliyokatika na kufungwa waya, akauliza zahanati inafunguliwa saa ngapi.