Ule mchoro wa kichocho wenye samaki ndani

Hii ni ya 2024, nilikuwa naishi Mwanza, nafanya kazi kwenye maabara na pembeni wanafunzi wa mwaka wa mwisho walikuwa wananiletea ripoti zao za utafiti niwasomee kabla hawajakabidhi kwa sapavaiza. Sikuwa sapavaiza wao rasmi, ni vile tu walishajua nasoma mstari kwa mstari.

Sasa akaja kijana mmoja, jina nitaliacha, na ripoti yake ya kichocho cha tumbo kwa watoto wa kandokando ya ziwa. Kazi ya uwanjani alikuwa ameifanya vizuri kweli, maswali aliyouliza wazazi yalikuwa na akili, hesabu zake nilizipitia zikakaa. Chapta ya pili akaweka mchoro wa mzunguko wa maisha ya kimelea, wa rangi, unang'aa, mtu wa pembeni ya maji, konokono, mayai, mishale imezunguka. Lebo zote zimeandikwa sawasawa. Nikaupita. Nasema kweli, niliupita kabisa nikaenda chapta ya tatu.

Kilichonirudisha ni kitu kidogo sana. Kwenye kona ya lebo moja, chini ya neno "Cercaria", yaani serkaria, kile kimelea kichanga kinachotoka kwa konokono, kulikuwa na kamkia ka herufi kamechomoza, kama vile kuna maandishi mengine yamefunikwa. Nikamwomba faili lenyewe, nikafungua kwenye laptopu, nikabonyeza ile lebo, ikasogea. Ni kiboksi cheupe! Chini yake pameandikwa "CERRCARSIA". Nikasogeza kingine nikakuta "MIRACISDUM", kingine "HOSNT SNALI", na kimoja hata herufi zake si za lugha yoyote, ni vijiti tu vilivyojipanga mfano wa maneno.

Nikampigia aje. Alipofika hakubisha, akasema, "Madam, nilitengeneza kwa akili mnemba, ila spelingi zilikuwa mbaya ndo nikazirekebisha mwenyewe."

Na kwake hiyo ilikuwa kazi ya uaminifu, aliona kosa akalisahihisha. Shida ni kwamba zile spelingi mbovu ndizo zilikuwa king'ora. Mashine ya kuchora haikuwa inaandika neno, inachora umbo linalofanana na neno kwa sababu imeona michoro mingi sana yenye maneno pembeni, na mwili wa konokono inauchora hivyo hivyo, umbo linalofanana na konokono. Kwa hiyo lebo ikiwa ya ovyo inakwambia na kilichochorwa hapo kikague. Ukifunika lebo umezima king'ora na moto bado unawaka.

Mwaka huohuo, Februari, kuna makala ya panya ilitoka kwenye jarida la kimataifa kabisa, viungo vya uzazi vimechorwa na akili mnemba vikubwa kuliko panya mwenyewe na lebo moja imeandikwa "testtomcels", wakaiondoa ndani ya siku chache tu. Ile kila mtu aliiona maana ilikuwa inapiga kelele. Huu wa kijana wangu ulikuwa umenyamazishwa.

Basi nikamwambia tuondoe viboksi vyote, tuanze kufuata mishale kwa kidole, kila mshale nakuuliza hapa kinapita nini na kinapitia wapi.

Yai kwanza. Kichocho cha tumbo, hiki chetu cha ziwani, yai lake lina mwiba mmoja umetokea ubavuni, cha mkojo mwiba uko nchani, ndivyo mtu wa maabara anavyovitofautisha kwenye maikroskopu. Yai la kwenye mchoro lilikuwa na mwiba ubavuni na mingine miwili kwenye ncha zote mbili. Yai hilo halipo. Halafu konokono: gamba lina midomo miwili, mmoja kila upande, na kichwa kimetokea katikati ya mzunguko. Nikamuuliza huyu amekuaje? Gamba la konokono linaongezeka pale mdomoni tu, mdomo mmoja, anajenga huku anazunguka, sasa mwenye midomo miwili anajenga kuelekea wapi? Akacheka kidogo halafu akanyamaza, nikaona ameanza kuuangalia mchoro kwa macho mengine.

Lakini lililoniuma ni mshale wa tatu. Kutoka kwa konokono ulikwenda kwa samaki, na kutoka kwa samaki ukaingia mdomoni kwa mtu.

"Lakini madam, samaki si wapo ziwani?"

Nikamwambia kaa hapo mdogo wangu. Kuna minyoo mingine ya jamii ya karibu, kule Asia, kweli inapitia kwenye samaki halafu mtu anaila kwenye samaki mbichi, na michoro yake imejaa mtandaoni, mashine imechanganya mizunguko miwili ikatoa mmoja ambao haupo duniani. Kichocho hakiliwi. Serkaria inatoka kwa konokono, inaogelea, ikikugusa inatoboa ngozi ndani ya dakika chache, ndo maana anaumwa mtoto aliyeogelea na mama aliyefua nguo na mvuvi aliyesukuma mtumbwi, hata kama sato hajaonja mwezi mzima. Sasa ripoti yako inapendekeza watu wapunguze kugusa maji na konokono wadhibitiwe, na mchoro wako unawaambia waogope samaki. Mtu wa Mwanza! Hivi bwana afya wa kijijini akiuchukua huo mchoro akaubandika ukutani zahanati, umewaambia nini watu wanaoishi kwa sangara na dagaa?

Hapo aliinama. Sikutaka aumie, ila nilitaka alione lote.

Jumamosi tukaenda Luchelele, gambuti na glavu ndefu, na kiteo cha waya kwenye mti mrefu. Tukaokota konokono kwenye majani ya pembeni, wale bapa waliojiviringisha kama kamba iliyolazwa chini, hao ndio Biomphalaria, wanaobeba kichocho cha tumbo. Tulipata kama ishirini na kitu. Maabara kila mmoja tukamuweka kwenye kiglasi chake na maji safi kidogo, tukaviweka kwenye mwanga, maana serkaria za aina hii hutoka mchana konokono akipata mwanga. Baada ya saa mbili hivi viglasi karibu vyote maji ni maji tu. Kimoja kilikuwa na vidoti vyeupe vinapanda na kushuka.

Nikamuwekea tone kwenye slaidi. Alikaa kwenye ile maikroskopu muda mrefu mpaka nikamwambia tupishane. Mkia mmoja, mwishoni umegawanyika mara mbili kama panda ya manati. Kwenye mchoro wake wa mwanzo ilikuwa na panda tatu, na hapo hakuhitaji mimi kumwambia.

Akachora upya kwa penseli, akapiga picha akaweka kwenye ripoti. Si mzuri kwa macho, konokono wake kakaa upande kidogo, ila mdomo ni mmoja na mshale unatoka majini kwenda kwenye mguu wa mtu. Chini ameandika serkaria na konokono amevichora kutoka kwenye maikroskopu na maabara, tarehe ipo, yai amelichora kutoka kwenye slaidi ya kufundishia, na minyoo mikubwa ya kwenye mishipa ya damu ameichukua kwenye kitabu, ametaja na ukurasa.

Siku ya kujitetea sikuwepo. Aliniambia jioni kwa simu kwamba mtahini mmoja aliweka kidole kwenye ule mchoro akamuuliza kwa nini mkia wa serkaria una panda, naye akamjibu, "Niliihesabu mwenyewe, dokta, ni mbili."