Nilivyojifunza kuhesabu pumzi za mwanangu

Binti yangu alizaliwa mwezi wa 6, wakati Mbeya baridi inauma kweli. Tunaishi Uyole, na usiku upepo ukivuma mabati yanagongana juu ya dari. Mume wangu alikuwa safarini, hivyo siku za mwanzo tulilala chumba kimoja watatu: mimi, mtoto, na mama mkwe aliyepanda kutoka Tukuyu kunisaidia uzazi. Huyu alikuwa mtoto wangu wa kwanza. Nilidhani mtoto mchanga akilala ananyamaza, kumbe usingizi wake una kelele nyingi.

Kwikwi zilikuwa za kwanza. Kila akimaliza kunyonya zinamshika, kifua kinaruka, na yeye mwenyewe wala hana habari. Mama alichomoa kiuzi kwenye khanga, akakilowesha mate, akakibandika kwenye paji la uso wa mtoto. Zikaisha baada ya dakika kumi hivi. Kesho yake sikuweka uzi, nazo zikaisha kwa muda uleule. Muuguzi wa kliniki alinieleza kwamba ni msuli ulio kati ya kifua na tumbo unajikunja wenyewe, na tumbo likijaa maziwa unachokozeka zaidi. Nikaanza kumcheulisha katikati ya kunyonya badala ya kungoja mwisho. Kwikwi zilipungua kidogo, ila hazikwisha, na sikuona sababu ya kuzihangaikia tena.

Chafya ilimsumbua zaidi mama, maana kwake chafya ni mafua. Lakini pua ya mtoto ilikuwa kavu, hakuwa na joto, na alinyonya vizuri. Mtoto mchanga anavuta hewa kwa pua karibu muda wote, na tundu zake ni ndogo mno, hivyo vumbi kidogo au maziwa yaliyopanda anayatoa kwa chafya. Kwetu kulikuwa na sababu nyingine: jiko la mkaa tulilokuwa tunaliingiza chumbani jioni kuota moto. Muuguzi aliposikia hilo alikunja uso. Akasema chafya ndiyo ndogo, hewa ya mkaa kwenye chumba kilichofungwa inaua watu wakiwa usingizini. Tangu siku hiyo jiko lilibaki nje, na mtoto nikamlaza kifuani pangu ngozi kwa ngozi, kofia kichwani, blanketi juu yetu wote wawili.

Kushtuka ndiko kulikotaka kutugombanisha. Mlango ukibamizwa, au nikimlaza kwa haraka, anatupa mikono pande zote mbili, vidole vinachanua, halafu anaikusanya kifuani kama anayetaka kukumbatia. Mara nyingine analia. Mama akasema, "Mwanangu, hili ni dege linamnyemelea, tumtafutie dawa mapema." Nilimwomba asubiri nimuulize muuguzi kwanza. Nilichoelezwa ni hiki: kushtuka kuna kilichokusababisha, kunakwisha kwa sekunde chache, na mkono au mguu unaotetemeka ukiushika taratibu na kuukunja, unatulia. Degedege halitulii ukishika. Kiungo kinaendelea kuruka kwa mpigo uleule mkononi mwako. Tena kwa mtoto mchanga linaweza lisifanane kabisa na la mtoto mkubwa: macho yanavutwa upande mmoja yakabaki huko, mdomo unatafunatafuna bila chakula, au miguu inazunguka kama anaendesha baiskeli. Jioni hiyo kidevu cha mtoto kilipotetemeka nilimwita mama, nikakishika kwa kidole mbele yake. Kikatulia. Mama akatikisa kichwa, akasema, "Haya."

Kilichoninyima usingizi mimi ni pumzi. Usiku wa nne nilimsikia anahema harakaharaka, kisha kimya. Nikanyanyuka. Kimya bado. Kisha akavuta pumzi moja kubwa na kuendelea kama kawaida. Nilimwamsha kwa kumtikisa, akalia, na mimi nikalia.

Asubuhi muuguzi alinifundisha kuhesabu. Usihesabu mtoto akilia au akinyonya. Mfunue nguo mpaka uone kifua na tumbo, weka simu pembeni na saa ya sekunde, kisha hesabu kila tumbo linapopanda kwa dakika nzima. Watu wengi wanahesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa 4, na hapo ndipo wanapokosea, kwa sababu pumzi za mtoto mchanga hazilingani. Ukiangukia pale anapohema haraka utapata nyingi mno, ukiangukia kwenye kituo utapata chache. Kawaida yake ni kati ya 30 na 60 kwa dakika. Zikifika 60 au zaidi, hesabu tena baada ya muda mfupi, akiwa ametulia.

Na vile vituo? Vya sekunde 5 mpaka 10, rangi isibadilike, halafu akaendelea mwenyewe, hivyo ni ubongo mchanga ambao bado unajifunza kupanga pumzi. Cha mwanangu nilikipima mara nyingi, kirefu kabisa kilikuwa sekunde 7. Kikifika sekunde 20, au hata kifupi lakini mtoto akalegea au akabadilika rangi, hiyo ni hatari. Rangi yenyewe unaitazama mdomoni na kwenye ulimi. Mikono na nyayo za mwanangu zilikuwa na ubluu asubuhi za baridi, ulimi ukiwa mwekundu, na hilo halikuwa tatizo.

Nilihesabu kila usiku, nikawa napata 42, 46, 50. Namba hizo ndizo zilizonisaidia siku ya 11.

Jioni hiyo alinyonya kidogo, akaachia, akalala. Nilipomwamsha alishika titi na kuachia tena bila kumeza. Kwa mtoto ambaye kila mara ananyonya mpaka jasho linamtoka, hilo lilinishtua kuliko kelele zote za nyuma. Saa tisa usiku nikasikia sauti mpya, mguno mfupi kila anapotoa pumzi, "nh, nh". Kukoroma kwake kwa siku zote kulitoka puani, kulikuja na kuondoka. Huu mguno haukuacha. Nikamfunua na kuhesabu: 72. Nikangoja, nikarudia: 70. Sehemu ya chini ya kifua ilikuwa inabonyea ndani sana kila akivuta hewa. Mbavu za mtoto mchanga ni laini na kubonyea kidogo kupo hata akiwa mzima, lakini hapa ungeweza kuona shimo ukiwa umesimama mlangoni, na tundu za pua zilikuwa zinatanuka. Kipima joto kilionyesha 38.1. Kwa umri ule 37.5 tu inatosha kukupeleka hospitali, na vivyo hivyo mwili ukipoa chini ya 35.5.

Mama hakusema habari ya dawa. Alishika simu akamwita kijana wa bajaji wa jirani, nami nikamfunga mtoto kifuani ndani ya koti. Sikumpa kitu chochote mdomoni, maana asiyeweza kumeza vizuri anaweza kupaliwa.

Hospitali walimhesabu upya, wakapata 74. Wakamwekea oksijeni, wakaanza sindano za ampisilini na jentamisini. Ilikuwa nimonia. Usiku wa tatu mguno uliisha, na siku ya nne alinyonya mpaka akalala na titi mdomoni. Tulirudi nyumbani baada ya siku 7.

Sasa ana miezi miwili. Jana usiku mama alikuwa macho kabla yangu, ameinama juu ya mtoto, simu mkononi, kifua kimefunuliwa. "Arobaini na nne," akaniambia. "Na ana kwikwi. Lala."