Nilivyoacha kukosea pembetatu mraba kwenye jiometri ya koodineti

Swali lililonitoa jasho lilikuwa fupi: nukta A(−3, 1), B(1, 4) na C(7, −4), je, zinaunda pembetatu mraba? Nikajibu hapana, tena kwa kujiamini. Karatasi ikarudi na msalaba mwekundu.

Nilichofanya ni hiki. Nilitafuta umbali wa kila upande: tofauti ya x, tofauti ya y, kila moja naipiga mraba, najumlisha, kisha natafuta kipeuo cha pili. AB ikatoka 5, BC ikatoka 10. Kwa AC kikokotoo kikanipa 11.18 na desimali nyingine kibao, nami kwa uvivu nikaandika 11.2. Halafu nikaenda kwenye kanuni ya Pithagorasi: 25 + 100 ni 125, lakini 11.2 × 11.2 ni 125.44. Hazilingani, nikafunga daftari.

Ilinichukua muda kuona nilivyojichimbia shimo. Natafuta kipeuo, nakikadiria, kisha nakipiga mraba tena kurudi nilikotoka! Kumbe mraba wa umbali ndio niliouhitaji, na tayari nilikuwa nao. Siku hizi, kama swali halijadai urefu wenyewe, kipeuo sikigusi kabisa. Naandika hivi:

AB² = 4² + 3² = 25
BC² = 6² + (−8)² = 100
AC² = 10² + (−5)² = 125

25 + 100 = 125, kamili, hakuna desimali ya kubishana nayo. Mraba mkubwa ni wa AC, kwa hiyo AC ndio upande mrefu, na pembe mraba iko kwenye nukta isiyo juu ya upande huo, yaani B.

Angalia ile 10 ya AC. Ni 7 − (−3). Mara nyingi nimeandika 7 − 3 nikapata 4, na AC² ikawa 41. Kosa hilo lina dalili yake: 41 ni ndogo kuliko BC², kwa hiyo upande mrefu unahama, wakati mchoro wa haraka unaonyesha wazi kuwa A na C ndizo zilizoachana zaidi. Ndiyo maana sasa namba hasi naiwekea mabano kabla sijatoa chochote.

Baada ya hapo nahakiki kwa mteremko, ambao ni badiliko la y kugawanya kwa badiliko la x. Mteremko wa AB ni 3/4. Wa BC ni −8/6, yaani −4/3. Zao lake ni −1, na hiyo ndiyo alama ya mistari inayokatana kwa pembe mraba. Bila hata kuzidisha, macho yanaona: sehemu imegeuzwa juu chini na alama imebadilika. Cha kuchunga ni mpangilio tu. Ukianza na B kwenye y, anza na B kwenye x pia, la sivyo alama inageuka na zao linakuwa 1.

Nukta ya kati niliidharau kwa muda mrefu, nikidhani ni ya kujazia maswali. Ya AC naipata kwa kujumlisha, si kutoa: ((−3 + 7)/2, (1 − 4)/2), yaani M(2, −1.5). Sasa pima mraba wa umbali kutoka M hadi B: 1 + 30.25 = 31.25. Kutoka M hadi A: 25 + 6.25 = 31.25. Ni sawasawa! Katika pembetatu mraba, nukta ya kati ya upande mrefu iko umbali mmoja na pembe zote tatu, hivyo bikari ikisimama M itachora duara linalopita A, B na C. Hiyo imekuwa njia yangu ya tatu ya kujihakiki.

Mchoro pekee siuamini tena. Chukua D(0, 0), E(8, 1) na F(7, 8). Ukizichora, utaapa kuwa E ni pembe mraba. Miraba ya pande ni 65, 50 na 113, lakini 65 + 50 ni 115. Zao la miteremko, 1/8 na −7, ni −7/8. Pembe ya E ni kama digrii 89, na hakuna jicho litakaloiona hiyo digrii moja iliyopungua.

Mteremko nao una mahali unapokwama. Kwa nukta (2, 1), (2, 6) na (9, 1), upande mmoja umesimama wima. Badiliko la x ni 0 na huwezi kugawanya kwa 0. Mwanzoni nilipofika hapo niliandika “si pembetatu mraba”. Upande mwingine unaolala una mteremko 0, na wima na mlalo hukutana kwa digrii 90 hata kama zao la −1 halipatikani. Miraba haina shida hiyo: 25 + 49 = 74.