Punguza tekscha, acha rezolusheni

Jumapili, usiku

Wenye kadi za michoro za zamani wanaujua ujumbe huu: "Out of video memory trying to allocate a rendering resource." Unasema kumbukumbu ya kadi imejaa. Ukitokea, gemu imeshakufa na unabaki unatazama skrini ya Windows. Leo nimekutana nao kwenye kompyuta ya mpwa wangu, yenye GTX 1050 ya gigabaiti 2, kadi iliyotoka mwaka 2016.

"Mjomba, nimeshusha rezolusheni mpaka maandishi hayasomeki, na bado inajifunga."

Nilimwelewa. Ujumbe wenyewe, ukiusoma mpaka mwisho, unakushauri kushusha rezolusheni na kufunga programu nyingine, kwa hiyo kijana amefanya alichoambiwa. Lakini nadhani ushauri huo unawachosha watu bure, na hesabu ndiyo iliyonishawishi.

Picha moja ya kujaza skrini ya 1920 kwa 1080, kwa baiti 4 kila pikseli, inachukua megabaiti 8 hivi. Ukishuka hadi 1280 kwa 720 inakuwa karibu megabaiti 4. Gemu huhitaji picha kadhaa za namna hiyo kwa wakati mmoja, lakini hata zikiwa 15, umeokoa megabaiti 60 na ushee tu. Sasa tazama tekscha, yaani zile picha zinazovalishwa kuta, nguo na nyuso. Tekscha moja ya 4096 kwa 4096, hata ikiwa imebanwa hadi baiti 1 kwa pikseli, ni megabaiti 16. Ongeza nakala zake ndogondogo za kuonekana kwa mbali, inafika 21. Na mhusika mmoja huwa na tekscha kadhaa: ya rangi, ya mikunjo, ya mng'ao. Tatu tu zimeshamaliza megabaiti 64. Ukishuka ngazi moja, hadi 2048 kwa 2048, upana na urefu vyote vinagawanywa kwa mbili, kwa hiyo mzigo unabaki robo: megabaiti 16 kwa zote tatu. Mhusika mmoja amekurudishia karibu robo tatu ya ulichookoa kwa kuharibu skrini nzima, na bado hatujagusa majengo.

Kabla ya kubadilisha chochote nilifungua Task Manager, kwenye Performance, nikabonyeza GPU. Kuna mistari miwili ya kuangalia. "Dedicated GPU memory" ni kumbukumbu ya kadi yenyewe. "Shared GPU memory" ni ile inayoazimwa kutoka RAM ya kompyuta. Gemu ikiwa bado kwenye menyu, kivinjari chake chenye vichupo vingi kilikuwa kimeshakula sehemu nzuri ya zile gigabaiti 2, tukakifunga. Tulipoingia mchezoni, mstari wa kwanza ukagonga dari, wa pili ukaanza kupanda, na picha zikaanza kukatikakatika. Kukatika huko ndiko dalili: data inapita kwenye njia ya kwenda RAM, ambayo ni nyembamba mara nyingi kuliko kumbukumbu ya kadi. Ujumbe ukafuata baadaye kidogo.

Tukaweka Textures kwenye Low, kutoka High. Nikamwambia aizime gemu kabisa na kuiwasha upya, maana baadhi ya gemu haziachii tekscha za zamani mpaka zianze upya, na mtu hudhani badiliko halikusaidia. Rezolusheni tukairudisha 1920 kwa 1080. Ule uchujaji wa tekscha, Anisotropic Filtering, nikauacha juu kwa makusudi, kwa kuwa hauli kumbukumbu ya maana na ndio unaofanya sakafu na barabara zisififie kwa mbali. Mstari wa kwanza ukatulia chini ya dari. Kuta zimekuwa na ukungu ukizisogelea, hilo haliepukiki, ila maandishi yanasomeka na gemu haijajifunga jioni nzima.

Niandike na hili, kwa sababu ujumbe huohuo unaweza kupotosha. Ukiuona huku mstari wa kumbukumbu uko nusu tu, hasa gemu inapoandaa sheda mwanzoni, yaani programu ndogo zinazoielekeza kadi namna ya kuchora, usihangaike na tekscha. Mwaka 2024 Intel ilikiri tatizo la kutotulia kwa baadhi ya prosesa zake za kizazi cha 13 na 14, na gemu zilizojengwa kwa injini ya Unreal kwenye mashine hizo zilikuwa zikitoa maneno hayahaya, hata kwenye kadi zenye kumbukumbu tele. Kompyuta ya mpwa wangu ni ya zamani kuliko hizo, na grafu ilikuwa imejaa, kwa hiyo kwake hapakuwa na shaka.

Bado kuna ramani ya mjini ambayo hajaifikia, na miji ndiyo hula zaidi. Chini ya Low hakuna ngazi nyingine ya tekscha. Ikijaa tena tutashusha vivuli, kwa kuwa ramani ya vivuli, yaani picha ambayo gemu huitumia kukokotoa vivuli, ikiwa ya 4096 kwa 4096 haibanwi kama tekscha na inaweza kufika megabaiti 64 peke yake. Hivyo navyo vikishindwa, basi gemu hiyo inataka kadi ya gigabaiti 4, na nitamwambia hivyo waziwazi.