Siku Moja Maishani Mwangu: Deni la Milioni 6 Ambalo Halikuwepo

Saa 12:30 asubuhi. Nimepata siti ya dirishani kwenye daladala kutoka Mbagala, kwa hiyo nafungua rasimu ya posti ya LinkedIn. Kazi yangu ni kuweka mifumo ya uhasibu kwenye kampuni za kati hapa Dar es Salaam, na kila wiki naandika kipande cha mfululizo kwa ajili ya mameneja wasio na muda. Rasimu inaitwa "Faida saba za mfumo wa uhasibu". Kusema kweli, hata mimi nisingeisoma.

Saa 2:30. Niko kwa mteja, kampuni inayofanya usafi wa maofisi. Meneja ana ripoti ya wadaiwa mkononi, ile inayopanga madeni kwa umri: siku 30, 60, 90, na zaidi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hebu mtazame huyu, milioni 6 anatuzungusha tu. Nataka nimpigie sasa hivi."

Nikamwomba anipe nusu saa kwanza. Kilichonishtua si ukubwa wa deni, ni umbo lake. Lilikuwa vipande 12 vya shilingi 500,000, kimoja kwa kila ankara ya mwezi. Mteja msumbufu halipi hivyo. Angeruka mwezi mzima, au angelipa nusu.

Saa 3:15. Nachukua ankara moja. Huduma ya usafi ni shilingi 10,000,000, ukiongeza VAT ya asilimia 18 inakuwa 11,800,000. Benki iliingia 11,300,000. Pengo la 500,000 ukiligawanya kwa jumla yote unapata asilimia 4.2 na ushee, namba isiyokwambia kitu. Ligawanye kwa bei kabla ya VAT, inatoka asilimia 5 kamili. Hiyo ni kodi ya zuio kwenye huduma. Mlipaji anatakiwa kuikata na kuipeleka TRA kwa jina lako, kisha wewe unaitumia kupunguza kodi yako ya mapato. Mteja hadaiwi hata senti.

Mhasibu alikuwa akiingiza kile kilichofika benki, basi. Mfumo ukafanya ulichoambiwa: kila mwezi ukabakiza 500,000, na kadiri siku zilivyokwenda ukazisogeza kwenye safu ya wadaiwa sugu.

Saa 5. Tunarekebisha pamoja, mhasibu ndiye anabonyeza. Kila malipo sasa yana mistari miwili, 11,300,000 kwenda benki na 500,000 kwenda akaunti ya kodi ya zuio, na yote miwili inafungwa na ankara ileile. Ankara inasoma sifuri. Baada ya ankara zote 12, akaunti ya kodi ya zuio ina 6,000,000.

Kilichofuata ndicho kilichomfanya meneja avute kiti. Tulilinganisha akaunti ile na vyeti vya kodi ya zuio vilivyomo kwenye faili. Vilikuwepo 9. Vitatu havipo, yaani 1,500,000 ambazo kampuni itapata shida kuzidai kwenye hesabu za kodi za mwaka kama TRA wataomba ushahidi. Simu ikapigwa kwa mteja yuleyule, ila kwa sauti nyingine kabisa: "Naomba mnitafutie vyeti vya miezi hii mitatu."

Saa 8 mchana. Wali maharage, kisha posti. Zile faida saba nimezifuta zote. LinkedIn huonyesha mistari michache tu kabla msomaji hajabonyeza kuendelea, na meneja akishakutana na maneno kama "ufanisi" na "suluhisho" anapita. Nimeanza hivi: "Ripoti yako inasema mteja anadaiwa milioni 6. Gawanya kila bakaa kwa bei kabla ya VAT. Ikitoka asilimia 5, usimpigie." Chini yake nimeweka hesabu ya ankara moja tu. Meneja ameniruhusu niandike, bila jina la kampuni wala la mteja wake.

Saa 10:30. Kabla sijaondoka ananiuliza, "Sasa mfumo si ungejua wenyewe?"

Hapana mama. Mifumo mingine inakuruhusu kumwekea mteja alama kwamba hukata kodi ya zuio, ikakupendekezea mstari wa pili. Lakini alama hiyo huwekwa na mtu, na wateja wengine hulipa ankara tatu kwa mkupuo bila kusema ipi ni ipi. Hapo hakuna programu inayobahatisha vizuri. Nimemwachia mhasibu utaratibu mmoja: kila mwisho wa mwezi achapishe ripoti ya umri wa madeni na salio la kodi ya zuio, azipeleke mezani kwa meneja pamoja na orodha ya vyeti ambavyo havijafika.

Saa 12 jioni, foleni Kilwa Road. Posti ijayo itahusu pesa za mteja zilizoingia bila kufungwa na ankara yoyote, maana leo nimeziona mbili kwenye ripoti ileile, zimekaa na alama ya kutoa mbele yake.