Kumbi mbili, proforma mbili, na kuku 63

Mdogo wangu alipotaka kuoa hapa Lubumbashi, komiti ya familia ilinipa daftari la makuta. Tulikuwa na kadi 125, kila kadi kwa bwana na bibi, ndiyo watu 250. Zikabaki proforma mbili mezani. Ukumbi wa Kampemba ulisema dola 4,900, "kila kitu ndani". Ukumbi wa Bel-Air ulitaka dola 700 peke yake, na mama mpishi tuliyemtafuta sisi wenyewe alitaka dola 11 kwa sahani, yaani 2,750. Jumla 3,450. Baba mdogo alikuwa tayari kutoa avansi Bel-Air jioni ileile.

Nilimwomba siku tatu. Zile karatasi hazikuwa zinauza kitu kimoja, kwa hiyo niliziweka pembeni nikaandika karatasi yangu: vitu vyote ambavyo mgeni atakalia, atakula, atakunywa na atamulikiwa navyo kuanzia saa kumi jioni hadi saa sita usiku. Kisha nikajaza bei za kila ukumbi mstari kwa mstari. Bia niliiacha nje, maana familia ingeinunua yenyewe popote tungeenda.

Bel-Air mistari mingi ilibaki mitupu. Kila pengo nililijaza kwa bei niliyoiuliza mwenyewe mjini. Viti, meza na vitambaa 300, mapambo 500, soda na maji 350, wahudumu kumi na wawili 180. Mstari wa tano ulikuwa umeme. Proforma ilisema "jenereta ipo", na kweli ilikuwepo. Niliwaomba waiwashe na mafrigo yote na taa zote zikiwa zimefunguliwa, nikakaa nusu saa nikiisikiliza. Ilivumilia vizuri. Ndipo nikauliza mazuti ni ya nani, wakajibu ni ya mwenye sherehe. Mitaa yetu tunajua SNEL inavyokata umeme, kwa hiyo nilihesabu usiku mzima, dola 200. Mapengo yote matano yalifika 1,530.

Kampemba nako, "kila kitu" kilikuwa na mipaka. Saa nne usiku walifunga, na kila saa ya ziada ilikuwa dola 100, nasi tulitaka mbili. Kila kreti ya bia inayotoka nje ililipiwa dola 2 mlangoni, na tulikusudia kuleta 60. Hapo wakafika 5,220.

Chakula ndicho kilichonichukua muda mrefu zaidi, kwa sababu neno "sahani" halina kipimo. Wote wawili waliandika bukari, wali, sombe, samaki na kuku. Nikaacha kuuliza kuhusu sahani, nikauliza kuku wangapi watachinjwa. Kuku mmoja mpishi humkata vipande vinane. Watu 250 wakipata viwili viwili ni vipande 500, na 500 ukigawa kwa nane unapata kuku 63. Kampemba walijibu 65 bila kusita.

Kwa mama mpishi nilikwenda na dada yangu mkubwa, maana swali kama hilo linaweza kumuumiza mtu.

"Mama, utapika kuku wangapi?"

"Arobaini, mwanangu. Watatosha."

"Arobaini ni vipande 320, mama. Watu wakichukua viwili viwili, meza za mwisho zitakosa."

Alihesabu kwa vidole, akakubali. Hakuwa ametudanganya. Kwa bei ya dola 11 hao ndio kuku alioweza kununua. Kwa 63 alitaka dola 12, nami niliona ni haki, kwa hiyo nikaongeza 250.

Bel-Air sasa ilikuwa 5,230. Zile dola 1,450 za tofauti zilizomfanya baba mdogo atake kulipa haraka zilikwisha kabisa, ikabaki dola 10, na Kampemba ndio wakawa nafuu.

Swali moja lilibaki: wasipofika wote? Kadi ya bwana na bibi mara nyingi huleta mtu mmoja tu, na wajane wapo. Kampemba walisema sahani 250 zinalipwa hata viti vikibaki vitupu. Mama mpishi alikubali tumpe namba ya mwisho siku saba kabla, na alipwe kwa hesabu ya namba hiyo. Kwa hiyo tukachagua Bel-Air, nikamwomba mama tuandike: namba, siku ya kuitoa, kuku 63 kwa watu 250 na hesabu hiyohiyo ikishuka. Akatia sahihi, nasi tukatia.

Wiki ile tuliwapigia simu wenye kadi mmoja mmoja, siku mbili nzima. Tulimpa mama namba 220. Sahani 30 zilipungua, dola 360, na kuku wakawa 55. Usiku wa harusi dada yangu alisimama karibu na bufe hadi meza ya mwisho ilipohudumiwa, na wale wa mwisho walichukua vipande viwili kama wa kwanza.