Kobe wa vipande vitano

Leo nimemchora kwa mara ya tatu kobe wa mtoto kupaka rangi. Wa kwanza nilimpenda mno. Nilimchora akionekana kutoka juu, gamba likiwa na vipande vyake vikubwa 13 kama vya kobe wa kweli, pamoja na vile vidogo vinavyozunguka ukingo. Mpwa wangu wa miaka mitatu alishika krayoni ya kijani, akapitisha mkono huku na huku, vipande vyote vikamezwa. Kisha akaniuliza, "Mjomba, hii ni nini?"

Swali lile halikunitoka kichwani. Ukimtazama kutoka juu, kobe ni duara lenye vinundu pembeni. Ubavuni ndiko anakojulikana: mgongo wa kuba, shingo iliyochomoza, miguu minene. Kwa hiyo wa pili nilianza na kivuli chake tu, nimekijaza weusi kwenye karatasi ya kando. Mpwa wangu alikitaja jina papo hapo, nikajua umbo limekaa.

Lakini vipande vya gamba bado vilikuwa vidogo. Ncha ya krayoni nene ikishachakaa hukaribia upana wa sentimita moja, na mtoto wa umri huu huendesha krayoni kwa bega na kiwiko zaidi kuliko kwa vidole. Kwenye kipande cha sentimita moja mkono wake hauna pa kwenda na kurudi. Basi wa tatu nimempa vipande vitano tu, hakuna chenye upana chini ya sentimita tatu. Karatasi ya A4 nimeilaza, kobe ameijaza karibu yote, ila nimeacha sentimita mbili kila upande ili printa isimkate mkia.

Mstari wa nje una milimita nne, wa ndani mbili na nusu. Krayoni ikiteleza kidogo, inaishia ndani ya weusi na haionekani. Unene huo una gharama yake, nami nimeilipa shingoni: pale shingo inapoingia kwenye gamba, mistari miwili ilikutana kwa pembe kali ikawa doa jeusi. Nimeifuta, nikaviringisha kona hadi weupe ukaonekana tena. Jicho nalo ni duara kubwa jeupe lenye nukta, maana nikilijaza wino lote, mtoto anabaki bila cha kupaka.

Mchana amempaka huyu wa tatu. Kila kipande cha gamba kimepata rangi yake, na alikuwa anasimama kuchagua kabla ya kuhamia kingine! Mguu wa nyuma tu ndio ulioshindikana. Nilikuwa nimechora mstari wa ardhi ukigusa unyayo, naye akaona mguu na ardhi ni kitu kimoja. Rangi ya chungwa ikatiririka hadi ukingoni mwa karatasi. Kesho mstari huo nauondoa.